Chembe Sahani Zimepanda, Mgonjwa Je?

Dengi inapozuka katika miji ya pwani yetu, kama ilivyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na Mombasa mwaka 2013, ushauri wa majani ya mpapai haukawii kufika. Unapita kwenye simu, kwa majirani, hata kwenye benchi la kusubiria majibu ya maabara. Utayarishaji wake ni mwepesi. Unachuma majani mabichi yasiyo na madoa, unayaosha, unatoa vikonyo na mishipa mikubwa, kisha unayatwanga kwenye kinu au kuyasaga kwenye blenda na maji kidogo. Ukikamua kwa kitambaa safi, unapata maji mazito ya kijani kibichi yenye povu, machungu kiasi kwamba wengi huyanywa huku wameziba pua. Mgonjwa huambiwa anywe asubuhi na jioni, na kwamba chembe sahani zake zitapanda.

Chembe sahani ni vipande vidogo vilivyomo kwenye damu ambavyo hukimbilia mahali mshipa ulipochanika na kuziba. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Dengi huzishusha, wakati mwingine hadi chini ya 20,000, kwa sababu kirusi hudhoofisha uboho unaozitengeneza, na zile ambazo zimekwisha kutengenezwa huharibiwa haraka. Ndiyo maana karatasi ya maabara inapoonyesha 40,000, ndugu wa mgonjwa huingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo inayowapeleka kwenye mpapai.

Majani yenyewe hayajapuuzwa na watafiti. Mwaka 2011 madaktari wa Pakistani waliandika habari za mwanamume wa miaka 45 aliyekuwa na dengi. Alipewa mililita 25 za maji ya majani ya mpapai mara mbili kwa siku, kwa siku tano, na chembe sahani zake zikapanda kutoka 55,000 hadi 168,000. Habari hiyo ilienea kuliko karibu andiko lolote jingine juu ya jambo hili. Lakini huyo ni mtu mmoja, na hapakuwa na mwingine kando yake aliyeugua vilevile bila kunywa majani, ili tujue yeye angefika wapi.

Utafiti uliofuata ulikuwa mzito zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Malaysia walichapisha matokeo ya wagonjwa 228 waliolazwa. Karibu nusu yao walikunywa juisi ya gramu 50 za majani mabichi mara moja kwa siku, baada ya kifungua kinywa, kwa siku tatu. Wengine walipata matibabu ya kawaida peke yake. Kufikia saa 40 hadi 48, chembe sahani za walioinywa zilikuwa zimepanda kuliko za wenzao. Tafiti nyingine, nyingi zikiwa za India na zilizotumia vidonge vya majani hayo, zimeelekea upande huohuo. Kwa hiyo anayesema kwamba hakuna lolote kwenye majani haya anakosea. Kuna dalili kwamba huenda yakaharakisha kupanda kwa chembe sahani kwa siku moja au mbili.

Hata hivyo, katika utafiti huo wa Malaysia kila mtu alijua nani anakunywa na nani hanywi, wala wale wengine hawakupewa kinywaji cha kijani kisicho na dawa ili kulinganisha kwa haki. Wagonjwa mahututi hawakuingizwa. Tafiti nyingi za namna hii zimekuwa ndogo, na wataalamu waliozikusanya na kuzipitia kwa pamoja wamerudi na jibu moja: namba ya chembe sahani huenda ikapanda, ila haijathibitishwa kwamba majani yanapunguza vifo, yanazuia damu kuvuja, au yanamwepusha mgonjwa na dengi kali.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Watu wengi wanaamini kwamba dengi huua kwa kumaliza chembe sahani, kwa hiyo anayezipandisha ameokoa maisha. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali tano za Singapore na Malaysia, kwa watu wazima 372 wenye dengi ambao chembe sahani zao zilikuwa 20,000 au pungufu na ambao hawakuwa wakivuja damu kwa kutisha. Baadhi yao waliongezewa chembe sahani halisi kutoka kwa wachangia damu, wengine hawakuongezewa. Waliovuja damu walikuwa asilimia 21 upande mmoja na asilimia 26 upande wa pili, tofauti ambayo huenda ilitokea kwa bahati tu, huku walioongezewa wakipata madhara zaidi yatokanayo na kuongezewa kwenyewe. Kama chembe sahani zenyewe, zikitiwa moja kwa moja kwenye mshipa, hazikuwakinga wagonjwa hao, hatuna sababu ya kutegemea kwamba jani linalozisukuma polepole litawakinga.

Kinachoua zaidi katika dengi ni kuvuja kwa maji ya damu. Kuta za mishipa midogo hulegea, na ile sehemu ya maji inayobeba chembe za damu hupenya na kutoka, ikajikusanya tumboni na kuzunguka mapafu. Damu inayobaki ndani ya mishipa huwa nzito na haba, presha hushuka, figo na ini hukosa damu ya kutosha. Mgonjwa anaweza kufikia hali hiyo bila tone la damu kuonekana nje. Na jambo hili hutokea kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba ya ugonjwa, hasa pale homa inaposhuka, yaani wakati ambapo nyumba nzima imeanza kupumua.

Tumchukulie mama mmoja wa kilo 60, ili hesabu iwe wazi. Homa ilimpanda Jumatatu, na kichwa na macho vikamuuma vibaya. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Alhamisi, siku ya nne, akapimwa picha kamili ya damu: chembe sahani 78,000, na hematokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, asilimia 38. Jioni hiyo nyumbani wakaanza kumpa juisi ya majani. Jumamosi akaamka bila homa. Wote wakafurahi na kuushukuru mpapai. Mchana akaanza kuumwa tumbo mfululizo na kutapika mara kwa mara, wakasema ni uchungu wa majani. Mikono ikawa ya baridi, na tangu asubuhi alikuwa amekwenda haja ndogo mara moja tu.

Wakimfikisha hospitali saa hiyo, maabara itasema chembe sahani 31,000 na hematokriti asilimia 46. Macho ya ndugu yataikimbilia ile namba ya kwanza. Daktari ataitazama zaidi ya pili, kwa kuwa kupanda kutoka 38 hadi 46 ni ongezeko la zaidi ya moja ya tano, na maana yake ni kwamba maji ya damu yanavuja. Atapima presha, naye ataanza dripu ya maji ya chumvi kwa kipimo cha mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo kwa saa. Kwa mama huyu ni mililita 300 hadi 420 kwa saa, kwa saa moja au mbili za mwanzo, kisha dripu itapunguzwa kadiri hematokriti na mkojo wake vinavyoonyesha. Presha ikiwa imekwisha kuporomoka, ataanza na kipimo kikubwa zaidi. Kazi hii inataka mtu wa kumtazama mgonjwa saa kwa saa, maana maji yakizidi au yakiendelea baada ya mishipa kuacha kuvuja hurudi na kuyajaza mapafu. Hakuna dawa ya kuua kirusi cha dengi, lakini uangalizi huu hushusha vifo vya dengi kali hadi chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia, ilhali pasipo matibabu vinaweza kufikia ishirini.

Kufika Jumatatu, siku ya nane, chembe sahani za mama huyu zitakuwa zinapanda, tuseme 70,000, na siku mbili baadaye zimepita 120,000. Hivyo ndivyo zinavyokwenda kwa wengi wanaopona, pawe na majani au pasiwepo. Kwa kuwa watu huanza kunywa juisi siku ya nne au ya tano, pale karatasi ya maabara inapowatisha, siku ya kupanda huwa imekaribia kwa vyovyote vile. Jani hupewa sifa ambayo aghalabu ni ya mwili wenyewe. Yule mwanamume wa Pakistani naye huenda alikuwa kwenye ngazi hiyohiyo.

Hasara ninayoihofia zaidi ni ile ya Jumamosi mchana: dalili za hatari kubebeshwa juisi. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, kutapika kusikoisha, damu kwenye fizi au puani, choo cheusi, kusinzia kupita kiasi au kuhangaika, pumzi kuwa nzito, mikono na miguu kuwa baridi, mkojo kutotoka kwa saa sita: mgonjwa wa dengi mwenye hata moja kati ya hizo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama homa imekwisha. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mwenye kisukari au ugonjwa wa figo wasingoje hata dalili hizo, wafuatiliwe hospitali tangu mwanzo.

Mjamzito pia asiyanywe majani haya. Mpapai una utomvu na kemikali nyingine ambazo usalama wake kwa mimba haujathibitishwa. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda asiongeze majani bila kumwambia daktari, kwa kuwa yanaweza kuchanganyika vibaya na dawa hizo.

Mgonjwa aliyeruhusiwa kuugulia nyumbani anywe kwa wingi vitu vyenye chumvi na sukari kidogo: maji ya ORS, madafu, uji mwepesi, supu, juisi ya matunda. Mkojo ukitoka kila baada ya saa nne hadi sita, anakunywa vya kutosha. Homa itulizwe kwa parasetamoli peke yake, isiyozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wetu tunazo kabatini, huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Arudi kupimwa damu kila siku mpaka amalize siku mbili bila homa, na kila karatasi ya maabara itunzwe, kwani hematokriti ya leo haisemi mengi bila ya jana kando yake.

Na kama amekwisha kunywa juisi ya majani, aseme anapopokelewa: kiasi gani, tangu siku gani, na kama kutapika kulianza kabla au baada ya kunywa. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kufokewa, daktari akabaki kukisia kama tumbo linauma kwa sababu ya majani au kwa sababu maji ya damu yameanza kuvuja, wakati jibu hilo ndilo linaloamua kama dripu ianze sasa.