Mtoto Anajiosha Miguu: -ji- katika Nafasi ya Mtendwa

Katika kitenzi cha Kiswahili, kiambishi cha mtendwa hukaa mara tu kabla ya mzizi. Katika "anamwosha", a- ni mtenda, -na- ni wakati, -mw- ni mtendwa, kisha unafuata mzizi -osh-. Nafasi hiyo ya mtendwa ni moja tu. Mtenda anapokuwa ndiye huyo huyo mtendwa, kiambishi cha kawaida huondoka na -ji- hukaa mahali pake: anajiosha.

Badiliko hilo hubeba maana nzima ya sentensi. "Juma alimkata" haiwezi kumaanisha kwamba Juma alijiumiza. Aliyekatwa ni mtu mwingine. Juma akijiumiza mwenyewe, ni "alijikata". Katika nafsi ya kwanza na ya pili hakuna hata nafasi ya kuchanganya maana, kwa sababu "niliniona" na "ulikuona" hazisemwi kabisa. Husemwa "nilijiona" na "ulijiona".

Tofauti na viambishi vingine vya mtendwa, -ji- haijali nafsi, umoja, wingi wala ngeli. Ninajiona, mnajiona, paka anajilamba, mlango unajifunga: umbo ni lile lile. Hali ni hiyo pia kwa jamaa za Kiswahili huko kusini. Kizulu hutumia -zi- kwa nafsi zote, na Kishona hutumia -zvi-.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuandika "Mtoto anajiosha miguu", kisha akaingiwa na shaka. Kinachooshwa ni miguu, nayo ina kiambishi chake, -i-. Je, haikupasa kuwa "anajiiosha miguu"? Au iongezwe "yake" mwishoni, ijulikane ni miguu ya nani?

Sentensi yake ni sahihi kama ilivyo. Nafasi ya mtendwa imekwisha kushikwa na -ji-, kwa hiyo "anajiiosha" ingekuwa na viambishi viwili mahali pa kimoja. Miguu hubaki nje, baada ya kitenzi, bila alama yoyote ndani yake. Ndivyo inavyokuwa pia mama anapofanya kazi hiyo: "Mama anamwosha mtoto miguu", wala si "anamwiosha". Mwenye mwili ndiye anayeingia katika kitenzi, na kiungo hufuata. Neno "yake" nalo halihitajiki, maana -ji- imekwisha kuonyesha kwamba miguu ni ya muoshaji. "Mtoto anaiosha miguu" ni Kiswahili pia, lakini haisemi miguu hiyo ni ya nani. Huenda ni ya bibi yake.

Kanuni hiyo hiyo hutawala vitenzi vya kutendea. "Nilimnunulia Asha kitabu" hugeuka "nilijinunulia kitabu". Msemaji akitaka kutaja kitabu mahususi hawezi kuingiza -ki-; hutumia kionyeshi: "nilijinunulia kile kitabu".

Kwamba -ji- ni kiambishi cha mtendwa kweli, na si pambo la mzizi, huonekana katika mambo mawili. La kwanza ni amri. Kitenzi chenye asili ya Kibantu kikiamrishwa pamoja na mtendwa, irabu ya mwisho huwa -e: "osha!" lakini "mwoshe!" Vivyo hivyo "jioshe!" na kwa wengi "jiosheni!" La pili ni vitenzi vya silabi moja, ambavyo hupoteza -ku- mtendwa anapoingia. Nyoka amekula panya, amemla panya, na akijigeukia mwenyewe, amejila mkia.

Kosa linalowanasa wengi ni kutumia -ji- kwa watu wanaotendeana. "Wanajipenda" husema kwamba kila mmoja anajipenda mwenyewe, na mara nyingi ni lawama ya ubinafsi. Wachumba hupendana, na kazi hiyo hufanywa na -an- baada ya mzizi.

Si kila "ji" mwanzoni mwa kitenzi ni hii inayozungumziwa. Katika "jibu" ni sehemu ya mzizi. Njia nyepesi ya kupima ni kutia -m- kabla yake. "Alimjibu" inakubalika, kwa hiyo nafasi ya mtendwa ilikuwa wazi. "Alimjificha" haikubaliki, ni ama "alimficha" au "alijificha".

Viko pia vitenzi ambavyo -ji- imeshikamana navyo hadi maana ikahama. Kufunza ni kumpa mtu maarifa, kujifunza ni kuyapokea, hata kama mwalimu yupo mbele ya darasa. Mama akijifungua amezaa, na mgonjwa akijisaidia amekwenda haja. Hata hivyo, nafasi haijaachwa wazi: husemwa "ninajifunza Kiswahili", na hakuna anayesema "ninajikifunza".