'Hatua ya giza' haifanyiki usiku

Juzi mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne hapa Eldoret alinionyesha jibu lake la Biolojia. Alikuwa ameandika kwamba mchana mmea hupokea mwanga, kisha usiku, katika hatua ya giza, hutengeneza sukari. Mwalimu alimpa sufuri. Mimi nililaumu istilahi.

Neno usanisinuru halina hila: kusanisi ni kuunda, nuru ni mwanga. Taabu iko kwenye majina ya hatua zake mbili. Hatua ya mwanga hufanyika katika grana, vile visahani vilivyopangwa kama sarafu ndani ya kloroplasti. Klorofili hunasa mwanga, na nishati hiyo hutumika kuunda ATP na kupasua maji. Oksijeni hutoka nje. Haidrojeni haipotei, hubebwa pamoja na ATP hadi kwenye stroma, ule ute unaozunguka grana. Humo ndimo kabonidayoksaidi hugeuzwa kuwa sukari. Hii ndiyo inayoitwa hatua ya giza, kwa sababu tu haitumii mwanga moja kwa moja.

Sasa zima taa ghafla. ATP na haidrojeni haziundwi tena, na akiba iliyopo ni ndogo mno. Muda si muda uundaji wa sukari nao unakwama. Kumbe hatua ya giza hufanya kazi mchana, bega kwa bega na mwenzake! Usiku mmea wa kawaida hupumua tu na kutumia wanga ulioweka mchana.

Tofauti nyingine ni joto. Kunaswa kwa mwanga hakutegemei sana joto, lakini kazi ya stroma inaendeshwa na vimeng'enya, na vimeng'enya hulegea kwenye baridi. Fikiria asubuhi ya Julai hapa kwetu, karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jua limeshawaka juu ya shamba la mahindi, ila bado watu wamevaa masweta. Mwanga upo tele. Kinachochelewesha sukari ni stroma.

Utajuaje? Mwingereza F. F. Blackman alionyesha njia mwaka 1905. Ongeza mwanga: kasi isipobadilika, mwanga si kizuizi. Ongeza joto, huku kabonidayoksaidi ikiwa ya kutosha: kasi ikipanda, basi kizuizi kilikuwa kwenye vimeng'enya. Lakini usipitilize, kwani karibu nyuzi 40 vimeng'enya vya mimea mingi huanza kuharibika, na mstari wa grafu unaporomoka.

Yule kijana nilimshauri aandike 'hatua isiyotegemea mwanga moja kwa moja'. Ni ndefu, ndiyo. Akaniuliza kama mtahini atakubali 'hatua ya giza' pia. Atakubali, mradi neno 'usiku' lisionekane popote karibu nayo.