Bweni la wageni

Kijana wa Kitanzania au Kikenya anayekwenda China kusomea udaktari kwa Kiingereza anaweza kufika mwaka wa tatu bila rafiki hata mmoja Mchina, wala asione kwamba kuna lililoharibika. Vyuo vingi vya huko huwapa wageni mabweni yao peke yao, na darasani hukaa na Waafrika na Waasia wenzake. Jioni ugali unasongwa katika jiko la pamoja, Kiswahili kinazungumzwa, na wakubwa waliotangulia wanamwelekeza mgeni wapi pa kununua unga na jinsi ya kutuma pesa nyumbani. Mambo hubadilika anapoanza mazoezi hospitalini. Mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kichina, muuguzi anaharakisha, daktari msimamizi anauliza swali, naye amesimama kimya.

Hapo ndipo msongo unapompata, wakati watu wa nyumbani wanadhani amekwisha kuzoea. Usingizi unapotea na kichwa kinauma bila homa. Anakasirishwa na vitu vidogo kama foleni ya chakula, au anaanza kukwepa zamu na kujifungia chumbani. Juu ya hayo kuna hisia ya hatia: wazazi wameuza shamba, atawaambiaje kwamba amechoka?

John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada aliyelichunguza jambo hili kwa miongo mingi, hakupenda kuliita mshtuko wa utamaduni. Alisema ni msongo unaotokana na kukutana kwa tamaduni mbili, na mtu ana njia za kukabiliana nao. Njia hizo alizipata kwa kuuliza maswali mawili: je, mgeni anataka kuhifadhi utamaduni wake? Na je, anataka kuhusiana na wenyeji?

Anayejibu ndiyo kwa yote mawili anafuata utangamano. Anayeacha ya kwao ili awe kama wenyeji anakubali kumezwa. Anayeshika ya kwao na kuwaepuka wenyeji anajitenga. Asiye na nafasi kwao wala kwa wenyeji anabaki pembezoni. Katika tafiti nyingi utangamano ndio unaoendana na nafuu zaidi, na kubaki pembezoni ndiko kunakoumiza zaidi. Lakini wapo wachunguzi wanaopinga kukuita huko kwa mwisho chaguo, na naona wana haki. Mtu huwa pembezoni kwa sababu amesukumwa: wenyeji wamemkataa, na wenzake nao wanamwona amejifanya Mchina.

Berry mwenyewe alisisitiza kwamba utangamano hauwezekani pale wenyeji wanapofunga mlango. Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa udaktari hakuchagua kujitenga. Chuo kilimpangia bweni, darasa na lugha, na kujitenga kukawa njia rahisi kuliko zote. Kumlaumu kwamba "hachangamani" ni kumwonea.

Hata hivyo, yapo anayoweza kuyafanya. Mtafiti Stephen Bochner alionyesha kwamba mwanafunzi wa ng'ambo huhitaji marafiki wa aina tatu, na kila aina ina kazi yake. Watu wa kwao humtunzia utu na lugha yake. Wenyeji humfunulia namna mambo yanavyokwenda, masomoni na ofisini. Wageni wa nchi nyingine ni wa burudani na kupoza moyo. Kijana wetu ana kundi la kwanza na la tatu, ila hana la pili, na hilo ndilo linalohitajika hospitalini. Asiwaache wenzake wa jikoni, maana kuwakimbia kungemtoa kwenye kujitenga na kumpeleka pembezoni. Aongeze mtu mmoja: mwanafunzi Mchina anayetaka kujizoeza Kiingereza, wakutane mara mbili kwa wiki, nusu saa kwa kila lugha, wakianza na maneno ya wodini kama vile inauma wapi, tangu lini, umekula nini.

Si lazima jibu liwe moja katika kila jambo. Mtu anaweza kutangamana kazini, akabaki Mswahili kabisa katika chakula, sala na ndoa. Hilo si unafiki. Ndivyo watu wengi wanavyoishi ugenini.

Dalili zikidumu wiki kadhaa na kumzuia kula, kulala au kusoma, rafiki peke yake hatoshi. Amwone mshauri wa chuo au daktari, na akiwa na mawazo ya kujidhuru asisubiri hata siku moja.

Nanyi wazazi, kabla ya kulipa ada, kiulizeni chuo wageni wanalala wapi na wanafundishwa lugha ya wenyeji saa ngapi kwa wiki. Na mtoto akipiga simu kusema amechoka, msimjibu kwa hesabu ya pesa mlizotumia. Mwulizeni anakula na nani.