Ubao wa Treni Unajua Nini

Msafiri aliyezoea treni ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, au ya Nairobi kwenda Mombasa, hana haja kubwa ya kusoma ubao. Treni za siku nzima ni chache, zinapita njia moja, na watu wanakwenda upande ule ule. Akifika London katika stesheni ya Paddington, anainua macho na kukuta skrini ndefu yenye safari nyingi zilizopangwa kwa saa. Bristol Temple Meads. Swansea. Penzance. Oxford. Na yeye anakwenda Pangbourne, kijiji kando ya mto Thames, na jina hilo halionekani popote.

Halionekani kwa sababu herufi kubwa za ubao hutaja stesheni ya mwisho tu. Vituo vya njiani huandikwa kwa maandishi madogo chini ya maneno `Calling at`, na hapo ndipo pa kuanzia kusoma. Msafiri wa Pangbourne hatafuti Pangbourne. Anatafuta treni yoyote ya haraka inayosimama Reading, na akishuka pale anatafuta treni ya vituo vyote inayoishia Didcot Parkway. Zile za Bristol zinapita Pangbourne kwa kasi bila kusimama, na ukishakuwa ndani yake hakuna kondakta wa kuombwa akushushe.

Saa za ubao huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 14:12 ni saa nane na dakika 12 mchana. Treni ya 00:05 ya usiku wa Ijumaa, kwa kalenda ya reli, ni ya Jumamosi. Hili huwaponza hata wenyeji wanaponunua tiketi.

Tumfuate sasa msafiri wetu akiwa Reading, mbele ya mstari huu wa mfano: `14:12 Didcot Parkway`, jukwaa namba 12, `On time`. Maneno hayo mawili ya mwisho ni utabiri. Reli za Uingereza zimegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina kifaa kinachotambua kuwa treni imeingia. Vifaa vya aina moja hupitisha umeme mdogo kwenye vyuma vya reli, na magurudumu yakifika huukata. Kila treni ina kitambulisho cha herufi na tarakimu nne, kama vile 2N31, ambapo ile 2 ya mwanzo huonyesha kuwa ni treni ya abiria ya mwendo wa kawaida, inayosimama mara nyingi. Mfumo wa taarifa uitwao Darwin hulinganisha mahali treni ilipo na mahali ratiba inapotaka iwe, kisha hukisia itafika saa ngapi mbele. Tuseme treni yetu inatokea London na imepita Twyford kwa wakati wake. `On time` hapo ina msingi: kuna treni halisi inayosogea.

Msingi huo hupungua pale treni inapoanzia safari stesheni uliyopo. Haijasogea bado, basi hakuna mwendo wa kupima. Mara nyingine ubao huendelea kusema `On time` ilhali mabehewa yatakayofanya safari hiyo bado yako njiani yakija kutoka kwingine, yamechelewa. Dalili yake huonekana kwa macho. Zimebaki dakika tano na jukwaa ni tupu. Hapo tazama ubao wa treni zinazowasili, kwani mara nyingi treni yako ndiyo ile inayosubiriwa kuingia.

Treni ikianza kuchelewa, `On time` huondolewa na badala yake huja saa mpya, kwa mfano `Exp 14:19`. Maana yake mfumo unajua treni ilipo na umekadiria dakika saba za ziada. Usiende mbali kutafuta chai. Ratiba nyingi zimewekewa dakika za akiba, treni huweza kufidia njiani, na 14:19 ikarudi kuwa 14:16 wakati wewe uko kwenye foleni ya mgahawa.

Jambo la kuchunguza zaidi ni namna saa hiyo inavyobadilika. Ikiruka mara moja kutoka 14:12 hadi 14:19 na kutulia, treni imechelewa lakini inakwenda. Lakini ukiona 14:19, baada ya dakika moja 14:20, kisha 14:21, sawasawa na saa ya ukutani, shuku kuwa treni imesimama. Mfumo ulitegemea ipite mahali fulani. Haikupita, kwa hiyo unakisia kuwa itapita sasa hivi, na dakika ikiisha unakisia tena. Kwa anayejua kuisoma, saa inayosogea hivyo ni habari mbaya iliyovaa nguo nzuri.

Na ndiyo maana `Delayed` peke yake, bila saa, ni neno la kweli kuliko linavyopokewa. Abiria wengi hulichukulia kuwa ni kuchelewa sana. Linachosema ni kwamba hakuna anayeweza kutaja saa: pengine taa za ishara zimeharibika, au mtu ameonekana relini na treni zimezuiwa. Zuio likiondolewa mapema, treni hiyo inaweza kuingia baada ya dakika nne. Lisipoondolewa, `Delayed` hugeuka `Cancelled`. Ukiwa na njia nyingine ya kufika, huu ndio wakati wa kuifikiria, na kumuuliza mfanyakazi kama tiketi yako inakubalika huko.

Namba ya jukwaa nayo si ahadi. Treni iliyotangulia ikiganda kwenye jukwaa namba 12, mwongozaji wa ishara huielekeza yetu namba 14. Pale Reading hiyo ni safari ya kupanda daraja na kushuka upande wa pili, na milango ya treni hufungwa kabla ya saa yenyewe, kuanzia nusu dakika hadi dakika mbili kutegemea kampuni na stesheni. Tangazo la sauti husema `platform alteration`, lakini kelele huweza kulimeza. Kabla ya kupanda, soma skrini ndogo iliyo juu ya jukwaa lenyewe, si ile kubwa ya ukumbini uliyoisoma mwanzo. Tazama pia herufi: majukwaa marefu hugawanywa `a` na `b`, na treni mbili za njia tofauti huweza kusimama moja nyuma ya nyingine kwenye namba ile ile.

Linabaki `Terminates here`. Kwa kawaida halina balaa: treni imefika mwisho, wote washuke, na pengine inakwenda karakana. Aliyekuwa akisubiri jukwaani asiipande hata milango ikiwa wazi.

Lakini huja kwa sura nyingine. Treni ya Oxford imechelewa dakika 40, na mabehewa yale yale yana safari ya kurudi London. Ikifika Oxford, ucheleweshaji utahamia kwenye safari hiyo pia. Wasimamizi huamua iishie Didcot Parkway na kugeuzwa hapo. Ubaoni stesheni ya mwisho hubadilika, na Oxford hutoweka kwenye orodha ya vituo. Abiria wa Oxford hushuka kungoja treni ifuatayo, na kampuni nyingi humlipa fidia aliyefika dakika 15 au zaidi baada ya wakati wake. Dakika hizo huhesabiwa kwa saa aliyofika Oxford, hata kama treni aliyoshuka Didcot iliondoka London ubao ukisema `On time`.