Mshahara wa Msingi na Posho: Kwa Nini Jumla Ileile Inatoa Pensheni Tofauti

Wengi humu mnauza mtandaoni huku bado mmeajiriwa. Duka linakimbia jioni na wikendi, mchana uko kazini kwa mtu. Sasa wiki iliyopita dada mmoja anayeuza madera alinitumia barua mbili za kazi inboksi akaniuliza swali moja: "Kaka, hawa si wananipunguzia mshahara?" Nimemwomba ruhusa nilete hesabu zake hapa, jina libaki kwangu.

Anafanya kazi kwenye taasisi moja ya umma, anachangia PSSSF. Analipwa mshahara wa msingi 950,000, posho ya nyumba 350,000 na posho ya usafiri 200,000. Jumla 1,500,000. Taasisi nyingine ya umma inamtaka, inampa msingi 1,350,000 na usafiri 100,000, nyumba hakuna. Jumla 1,450,000. Ukiangalia jumla tu, ni kweli kapunguziwa 50,000.

Ila mshahara wa msingi na posho si hela ya aina moja, hata kama zinaingia benki siku ileile. Msingi ndiyo bei ya kazi yako, umeandikwa kwenye mkataba na ndio unaopanda ukipandishwa daraja. Posho imewekwa kwa sababu fulani: ulipe pango, upande daladala. Sababu ikiondoka, kwa mfano umepewa nyumba ya taasisi au gari la wafanyakazi, posho inaweza kuondoka nayo.

Sheria ya PSSSF inaangalia msingi peke yake. Kila mwezi mwanachama anakatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na mwajiri anaongeza asilimia 15 kutoka mfukoni mwake. Posho haziguswi. Kwa hiyo kazi ya sasa ya dada yetu: anakatwa 47,500, mwajiri anaweka 142,500, inayoenda mfuko ni 190,000. Kazi mpya: anakatwa 67,500, mwajiri anaweka 202,500, jumla 270,000. Kuna 80,000 zaidi kila mwezi, na 60,000 kati ya hizo anatoa mwajiri. Ukijumlisha mshahara na mchango, mwajiri wa sasa anamgharamia 1,642,500 na yule mpya 1,652,500. Yaani yule anayeonekana bahili ndiye anayetoa zaidi kwa 10,000. Ni vile tu haipiti mkononi mwake.

Tuje kwenye pensheni yenyewe, maana hapa ndipo watu wanachanganya. Wengi wanadhani mfuko unajumlisha michango yako kama kibubu halafu unakurudishia. Sivyo. Ukifikisha angalau miezi 180 ya kuchangia, pensheni ya kustaafu inapigwa kwa kanuni: miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Na huo wastani ni wa miaka mitatu yenye mshahara mzuri kuliko yote ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Mshahara unaosemwa hapo ni ule uliochangiwa, yaani msingi.

Tuseme dada anastaafu akiwa na miaka 30 ya michango, ambayo ni miezi 360, na kwa urahisi wa hesabu tuseme mishahara inabaki hivihivi. Akibaki alipo, msingi wa mwaka ni 11,400,000. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 580, unapata kama 7,075,900 kwa mwaka, sawa na 589,700 hivi kwa mwezi. Akihamia kazi mpya, msingi wa mwaka ni 16,200,000, na kanuni ileile inatoa kama 10,055,200 kwa mwaka, yaani karibu 837,900 kwa mwezi. Hizo ni kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo, lakini pengo liko palepale kwa uwiano. Laki mbili na nusu kasoro kidogo, kila mwezi, mpaka mwisho wa maisha yake.

Kabla hujamwambia ahame kesho, kuna upande wa pili. Kwa mtumishi wa serikali au taasisi inayoendeshwa kwa bajeti ya serikali, posho ya nyumba na ya usafiri hazikatwi PAYE. Msingi unakatwa. Tulipopiga PAYE na PSSSF pekee, kazi ya sasa inamwachia 1,348,875 mkononi na mpya inamwachia 1,169,750. Pengo la 179,125 kwa mwezi! Hiyo kwake ni mzigo mzima wa madera kutoka Kariakoo. Na kama angekuwa na deni la bodi ya mikopo pengo lingekua tena, kwa sababu bodi nayo inakata asilimia 15 ya msingi. Yeye hana.

Mimi nilimwambia hivi, na mnaweza kunibishia. Kwa kuwa kanuni inaangalia miaka kumi ya mwisho, mwenye miaka 32 hapotezi pensheni sana kwa kula posho sasa, mradi baadaye msingi wake uje kupanda. Anayeumia kweli ni wa miaka 52 anayefurahia posho ya madaraka huku msingi umelala. Miaka yake mitatu bora ndiyo hiyo inapita. Dada ana 47. Ameomba siku kumi za kufikiri, na ameandika kuwauliza waajiri wapya kama msingi unaweza kubaki 1,350,000 na posho ya usafiri ikaongezwa. Akili sana.

Sasa nyie mlioajiri msaidizi wa kufunga mizigo, hii nayo inawahusu. Sekta binafsi ni NSSF, na huko mchango ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, yaani jumla kabla ya makato. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kuna ujanja unazunguka: binti unamlipa 300,000 lakini unaandika msingi 150,000, nyumba 100,000, nauli 50,000, halafu unachangia ile 150,000 tu. Unapeleka 30,000 badala ya 60,000. Huku ghafi ndiyo inayohesabiwa, na miamala ya simu uliyomtumia kila mwisho wa mwezi inaonyesha 300,000. Akienda kulalamika, unadaiwa michango ya nyuma pamoja na tozo. Hela ya bodaboda unayompa akapeleke mzigo wa mteja ni kitu kingine, hiyo ni gharama ya duka. Iandike kwenye daftari la matumizi na risiti yake, usiichanganye na mshahara.

Kama hujui wewe mwenyewe unachangiwa kwa kiasi gani, chukua slipu ya mwezi uliopita. Wa PSSSF, tafuta ulichokatwa wewe uzidishe kwa 20. Kama umekatwa 47,500, msingi unaochangiwa ni 950,000. Wa NSSF unayekatwa asilimia 10, zidisha kwa 10, halafu linganisha na jumla unayolipwa. Zikitofautiana, omba kwa mhasibu maelezo ya maandishi, kisha kaangalie taarifa ya michango yako kwenye mfuko, maana kuna waajiri slipu inasema hivi na mfuko umepokea vile.