Jiwe la Nyongo na Mlango wa Kongosho

Mwenzetu mmoja, bibi wa miaka 52, ameturuhusu tuwaeleze habari zake ili ziwafae wengine. Aliumwa chini ya mbavu za kulia, kisha macho yakageuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Picha ikaonyesha jiwe la milimita 8 limekwama katika mfereji unaoteremsha nyongo utumboni. Waganga wakamshauri afanyiwe ERCP.

Alifunga kula tangu usiku. Asubuhi akapewa dawa ya usingizi, ukapitishwa kinywani mpira mwembamba wenye kamera hata mwanzo wa utumbo mdogo. Hapo pana kichuchu, ndicho mlango wa nyongo. Mganga alipenyeza waya mwembamba, akatia dawa inayoonekana kwa eksirei, naye akaliona jiwe. Akaupasua kidogo msuli wa mlango kwa waya wa umeme, akapitisha kiputo kitupu hata juu ya jiwe, akakijaza hewa na kulivuta. Jiwe likaangukia utumboni, litoke pamoja na choo.

Sasa tusikilize vizuri. Mlango ule si wa nyongo peke yake. Kwa watu wengi mfereji wa kongosho nao hutokea papo hapo. Waya ukiingia upande huo, au mlango ukivimba, maji ya kongosho huzuilika na kongosho hushika uvimbe. Katika wagonjwa 100, kiasi cha 3 hadi 10 hupatwa nao. Wengi hupona kwa siku chache, lakini wachache huugua sana, na wengine hufa. Ndiyo sababu siku hizi ERCP haifanywi kwa kutazama tu. Jiwe hutafutwa kwanza kwa picha zisizo na hatari hiyo.

Bibi huyu alishikwa na maumivu jioni ile ile, juu ya kitovu, yakipenya hata mgongoni. Damu ilipopimwa, kimeng'enya cha kongosho kilizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. Alitiwa maji ya mshipani na dawa ya maumivu, akarudi nyumbani siku ya nne.

Walio katika hatari zaidi ni wanawake, vijana, waliowahi kuugua kongosho, na wale ambao mlango wao ulikuwa mgumu kuingilika. Kinga iliyo nyepesi ni kidonge cha kutia njia ya haja kubwa, diklofenaki au indomethasini miligramu 100. Basi muulizeni mganga mapema kama mtapewa, nanyi mumwambie kama figo zenu ni mbovu, kama dawa hizo huwadhuru, au kama mnakunywa dawa za kuzuia damu isigande.

Mkisharudi nyumbani, maumivu makali, kutapika, homa ya kutetemeka au choo cheusi ni ishara ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kuche. Na mfuko wa nyongo ukiwa bado na mawe, mengine yaweza kuteremka. Kwa hivyo waganga hushauri wengi wautoe baadaye.