O-rejeshi katika Pengo la Sentensi

Katika neno «nilichosoma», silabi «-cho-» hairejelei msomaji, bali kitabu kilichotajwa kabla ya kitenzi. Silabi hiyo huitwa kirejeshi, au O-rejeshi, kwa kuwa karibu kila umbo lake huundwa kwa kiambishi cha ngeli kikifuatwa na «o». Ki na o huzaa «cho», vi na o huzaa «vyo», li na o huzaa «lo», zi na o huzaa «zo». Umoja wa ngeli ya A-WA ndio unaojitenga, kwa kuchukua «ye»: mtu aliyefika, lakini watu waliofika.

Maswali ya kujaza pengo hupenda sana umbo hili, na si bure, kwani neno moja hubeba mambo manne kwa mpigo: mtenda, wakati, kinachorejelewa na tendo lenyewe. Tuseme swali ni hili: «Vitabu ______ (nunua) mwalimu wiki iliyopita vimepotea.» Wanafunzi wengi huandika «vilivyonunua». Macho yao yametua kwenye «vitabu», nomino iliyo jirani na pengo, wakaipa kazi zote mbili. Matokeo yake ni vitabu kwenda dukani kununua. Aliyenunua ni mwalimu, kwa hiyo kitenzi huanza na «a-». «Wiki iliyopita» inadai «-li-». Vitabu vinabaki na haki yao moja tu, kirejeshi «-vyo-». Jibu ni «alivyonunua», na «alivyovinunua» pia ni sahihi, «-vi-» ikiwa kiambishi cha mtendwa. Kama pengo lingekuwa «Vitabu ______ (potea) jana», hapo ndipo «vilivyopotea» lingefaa, maana vitabu vyenyewe ndivyo vilivyopotea.

Mpangilio wa maneno nao unatoa ishara. Mwalimu katika swali hilo amewekwa baada ya pengo, na hapo ndipo mahali pake. Kiswahili husema «vitabu alivyonunua mwalimu». Hakisemi «vitabu mwalimu alivyonunua». Mtenda akitangulia kitenzi, sentensi huhitaji «amba-»: vitabu ambavyo mwalimu alinunua. Mtunzi wa swali anayemweka mtenda kabla ya pengo huku akitaka O-rejeshi ndani ya kitenzi amemfungia mwanafunzi njia.

Mtego mwingine umo katika nomino zinazofanana kwa sura na ngeli ya KI-VI. Kiongozi, kipofu na kifaru huanza na «ki-», lakini ni viumbe wenye uhai, na upatanisho wao ni wa A-WA. Sahihi ni «kiongozi aliyechaguliwa» na «vifaru waliouawa».

Wakati ndio unaowasumbua hata waandishi waliokomaa. Kirejeshi hukaa kwa raha baada ya «-li-» na «-na-»: nilichosoma, ninachosoma. Wakati ujao, «-ta-» hurefuka kuwa «-taka-», tukapata «nitakachosoma». «Nitachosoma» husikika mitaani, ila katika mtihani wa Kiswahili sanifu halikubaliki. Baada ya «-me-» kirejeshi hakiingii kabisa. Hakuna «nimechosoma», husemwa «kitabu ambacho nimesoma». Ukanushi una umbo moja tu la ndani, lenye «-si-»: kitabu nisichosoma. Halitaji wakati, hivyo pengo linalofuatwa na «jana» halifai kujazwa nalo. Panapohitajika wakati uliopita wa kukanusha, «amba-» ndiyo njia: kitabu ambacho sikusoma.

Kirejeshi kinaweza pia kwenda mwisho wa kitenzi, na hapo alama ya wakati huondoka: kitabu nisomacho. Hii ndiyo O-rejeshi tamati, ambayo mitihani ya Kenya huitaja kwa jina hilo. Watu huitumia kila siku bila kuitambua, wasemapo «mwaka ujao» au «wiki ijayo». Katika maneno hayo mawili «ku-» ya kitenzi «kuja» imeanguka, ilhali katika «mwaka uliokuja» imebaki. Vitenzi vya silabi moja hufuata mwendo huo: chakula nilacho, lakini chakula nilichokula.

Yapo mapengo yasiyo na haki, hata jibu likipatana kisarufi. Chukua «Mbwa ______ (ona) paka amekimbia». Jibu «aliyemwona» halina kosa, lakini halisemi nani alimwona nani, kwa sababu mbwa na paka wote ni wa A-WA, na nomino iliyo baada ya kitenzi yaweza kuwa mtenda au mtendwa. Kwa vitabu na mwalimu utata huu hauzuki, kwani viambishi vyao vinatofautiana. Mtunzi mwangalifu ama huchagua nomino za ngeli mbili, ama huandika sentensi kwa «amba-»: «mbwa ambaye paka alimwona» ina maana moja tu, nayo ni kwamba paka ndiye aliyeona.